Uzi: Rejista ya mvua Njoro, siku zinasema 151.6, jumla inasema 166.0. Nani muongo?

#1 Mto_Njoro
Wadau habari zenu. Niko na rejista ya mvua ya chama chetu cha watumiaji maji huku juu ya Njoro, nimeambiwa niiingize yote kwa kompyuta mwaka kwa mwaka. Miaka mingi inaenda tu sawa lakini masika ya 2021 imenikatalia kabisa. Nikijumlisha siku za Aprili napata 151.6, na chini ya ukurasa mtu ameandika 166.0 kwa kalamu na akapiga mstari mara mbili, yaani alikuwa na uhakika. Nimerudia na kalkuleta nikarudia na simu, bado 151.6. Mei nayo ni kinyume, siku zinatoa 121.3 lakini jumla iliyoandikwa ni 102.7. Machi pekee ndiyo inakubaliana, 58.9 kwa 58.9. Ukurasa wa msimu wameandika 327.6, ambayo ni zile jumla tatu za miezi zikiwekwa pamoja. Sasa niamini siku ama niamini jumla? Mwenyekiti ananisukuma.

#2 Kijana_wa_Kibos
Amini siku buda. Siku ndiyo ilipimwa, jumla ni mtu alikuwa anajumlisha akiwa na njaa.

#3 MzeeWaMolo
Kijana usiharakishe. Jumla ikiwa kubwa kuliko siku maana yake kuna siku haikuandikwa. Sisi wakulima tunajua, mtu anapima, anaenda kukamua ng'ombe, anasahau kuandika, halafu mwisho wa mwezi anakumbuka anaongeza kwa jumla. Hapo umepoteza kama milimita 14 tu, si kitu.

#4 Nyar_Kano
Na Mei je mzee? Mei jumla ni ndogo kuliko siku. Huko alisahau kukumbuka ama?

#5 MzeeWaMolo
Mei sijui. Mei labda alikuwa ameoa.

#6 Kalamu_Nyekundu
Mto_Njoro tuwekee Aprili yote hapa, pamoja na siku hazina kitu, na uandike kama hazina kitu zimeandikwa sufuri ama zimeachwa tupu, hivyo si kitu kimoja. Na uniambie tarehe 1 Mei imeandikwa nini. Tofauti yako ya Mei ni 18.6, nataka kuona kama hiyo namba iko mahali.

#7 Mto_Njoro
Sawa madam. Aprili 2021 kama ilivyo kwa rejista:

tarehe 1 ni 4.2, tarehe 5 ni 12.6, tarehe 7 wameandika TR, 9 ni 8.0, 10 ni 21.4, 12 ni 33.7, 15 ni 6.3, 16 ni 0.8, 19 ni 17.5, 20 ni 9.1, 23 ni 14.8, 24 ni 2.6, 27 ni 11.0, 28 ni 5.7, 30 ni 3.9.

Tarehe 4, 11, 18 na 25 hazina kitu, tupu kabisa. Zingine zote zimeandikwa 0.0.

Na tarehe 1 Mei... ni 18.6. Aisee. 18.6 kamili. Umeonaje hiyo na rejista iko kwangu mezani?

#8 Kalamu_Nyekundu
Sijaona kitu, nimetoa tu 102.7 kwa 121.3. Kwa hii kazi ukipata tofauti, kabla hujaanza kulaumu mtu, tafuta kama hiyo tofauti yenyewe ni namba iliyoandikwa mahali kwa rejista. Mara nyingi iko.

Sikiza sasa. Kipima mvua kinasomwa saa tatu asubuhi. Maji unayoyakuta asubuhi ya tarehe 1 Mei ni ya kuanzia saa tatu tarehe 30 Aprili, na huku kwetu mvua mingi inanyesha alasiri na jioni, kwa hivyo hiyo 18.6 karibu yote ilinyesha Aprili. Kuna wanaoandika kwa tarehe ya kusoma na kuna wanaorudisha siku moja nyuma. Rejista yako imeandikwa kwa tarehe ya kusoma, lakini aliyefanya jumla alikuwa anarudisha. Kwa hivyo alichukua 18.6 ya tarehe 1 Mei akaipeleka Aprili. Na 4.2 ya tarehe 1 Aprili ni ya Machi, akaitoa. Jumlisha mwenyewe, 151.6 ongeza 18.6 toa 4.2.

#9 Mto_Njoro
166.0!!! Wueh. Nimekaa na hii kitu wiki nzima.

#10 Kijana_wa_Kibos
Sawa nimetulia, huyo mtu hakuwa na njaa.

#11 Nyar_Kano
Ngojeni kidogo. Kama 4.2 ilitolewa Aprili kwa sababu ni ya Machi, si Machi ingekuwa imeongezeka 4.2? Mto_Njoro amesema Machi iko 58.9 kwa siku na 58.9 kwa jumla. Sasa hiyo 4.2 ilienda wapi?

#12 Kalamu_Nyekundu
Nyar_Kano umenitangulia, nilikuwa naandika hiyo. Imepotea. Machi ilijumlishwa kwa njia ya zamani, Aprili na Mei kwa njia mpya, na pale zinaposhikana 4.2 imeanguka katikati. Ndiyo maana usiishie kuangalia mwezi mmoja mmoja. Chukua siku zote kuanzia 1 Machi hadi 31 Mei ujumlishe bila kujali mwezi, ni 58.9 na 151.6 na 121.3, unapata 331.8. Msimu wao ni 327.6. Pengo ni 4.2, ile ile. Mto_Njoro angalia tarehe 1 Machi na tarehe 1 Juni, kulikuwa na kitu?

#13 Mto_Njoro
Zote 0.0.

#14 Kalamu_Nyekundu
Basi uko na bahati, msimu unatoka 331.8 kwa njia zote mbili. Ukiandika kwa tarehe ya kusoma, Machi 58.9, Aprili 151.6, Mei 121.3. Ukirudisha nyuma, Machi 63.1, Aprili 166.0, Mei 102.7. Chagua moja ukae nayo rejista nzima. Kama tarehe 1 Machi ingekuwa na mvua, hata msimu ungebadilika kulingana na njia.

#15 Pikipiki_Londiani
Mimi nadhani najua kwa nini ilibadilika hapo hapo mwisho wa Machi. Mnakumbuka 2021 serikali ilifunga zile kaunti tano, Nakuru ikiwa ndani, tarehe 26 Machi? Mimi nilikuwa nabeba watu Londiani na Molo, tukakatwa katikati, Kericho huku Nakuru kule. Kama msomaji wenu alikuwa anatoka upande wetu basi alibaki kwake na mtu mwingine akashika kalamu. Angalia mwandiko.

#16 Mto_Njoro
Mwandiko unabadilika kweli lakini si tarehe 26, unabadilika tarehe 1 Aprili. Na mzee wa kwanza alikuwa anatoka Mauche, hiyo bado ni Nakuru.

#17 Pikipiki_Londiani
Basi mimi ni shahidi tu wa kufungiwa.

#18 MzeeWaMolo
Mimi bado siamini hiyo ya kurudisha nyuma. 1 Mei 2021 ilikuwa Jumamosi, tena Leba Dei, na ndiyo siku kaunti zilifunguliwa. Nani aliamka kwenda kusoma kipima mvua? Mimi nasema alisoma Ijumaa jioni mvua ikiisha, akaiandika kwa mstari wa chini kwa sababu wa juu ulikuwa umeshajaa 3.9 ya asubuhi. Kwa hivyo ni ya Aprili moja kwa moja, haikurudishwa na mtu.

#19 Kalamu_Nyekundu
Mzee inawezekana, na kwa 18.6 pekee siwezi kukupinga. Lakini hiyo haielezi 4.2 kutolewa. Kama ni kuongeza tu, Aprili ingekuwa 170.2.

#20 MzeeWaMolo
4.2 labda ni hesabu mbaya.

#21 Nyar_Kano
Hesabu mbaya inayolingana na tarehe 1 mpaka kwa nukta. Sawa mzee.

#22 Chai_Kericho
Habari za jioni. Nimefurahia huu uzi kwa sababu nilishughulika na rejista za shamba moja la majani chai. Kwetu siku, mwezi, msimu, mwaka, vyote vilikubaliana kabisa, hakuna hata nukta moja imepotea, na bado rejista ilikuwa bure. Glasi ya kupimia ilivunjika, wakaazima ya kituo kingine. Kipima mvua chetu kilikuwa cha inchi nane, hiyo glasi ilikuwa ya kile cha inchi tano. Glasi imechorwa kulingana na upana wa mdomo wa kipima mvua chake. Milimita 10 kwa cha inchi tano ni mililita kama 127 za maji, kwa cha inchi nane ni kama 324. Kwa hivyo kila mvua ilisomeka mara mbili na nusu na zaidi kidogo. Jumla haziwezi kukuambia hiyo, kila kitu kimeongezeka kwa kiasi kimoja. Tulijua tulipoweka miezi yetu kando ya miezi ya jirani, ghafla sisi tuko mbali sana nao na wiki chache tu nyuma tulikuwa tunafuatana.

#23 Mto_Njoro
Chetu ni cha shaba cha inchi tano na glasi ni ile ya zamani iko na nyufa juu. Sasa umenitia wasiwasi mwingine.

#24 Chai_Kericho
Ufa wa juu si neno. Chukua sindano ya hospitali, weka mililita 63 za maji kwa glasi, usome. Ikiwa ni yenyewe itasoma karibu 5.0.

#25 Kijana_wa_Kibos
Kwani si muache hizi rejista za mkono mchukue za setilaiti? CHIRPS iko bure, inaanzia 1981, kila siku. Unapakua, kazi imeisha, mwenyekiti anafurahi.

#26 Kalamu_Nyekundu
Kijana wa Kibos, CHIRPS ni nzuri kwa eneo kubwa na kwa miezi. Lakini kiboksi chake kimoja ni kama kilomita 5 kwa 5, na wewe unaishi Kisumu unajua mvua ya ziwa inaweza kulowesha Kibos na Mamboleo pakabaki pakavu. Haiwezi kukuamulia mambo ya 4.2. Tumia kuuliza tu, je, hiyo wiki kulikuwa na mvua ama hakukuwa. Na ukilinganisha siku kwa siku na rejista ya tarehe ya kusoma utaona rejista imechelewa siku moja, usianze kusema setilaiti inadanganya.

#27 Kijana_wa_Kibos
Madam kwetu Kibos mvua inanyesha ukiwa umeanika nguo. Hiyo hata setilaiti haioni. Lakini nimekusikia.

#28 Otondi_Mahindi
Samahani wadau, na mimi naomba kuuliza, hiyo 331.8 inatosha mahindi ya H614? Huku Lugari tumepanda mapema.

#29 Nyar_Kano
Hiyo ni mvua ya 2021 ndugu yangu, mahindi yake yalishaliwa.

#30 MzeeWaMolo
Turudi kwa zile siku tupu. Tarehe 4, 11, 18, 25. Tupu ni hakuna mvua, si ndiyo? Mto_Njoro aweke sufuri aendelee.

#31 Kalamu_Nyekundu
Hapana mzee, tafadhali Mto_Njoro usiweke sufuri. Huyu msomaji siku kavu anaandika 0.0, ameandika hivyo mwezi mzima. Tupu ni Jumapili tu, zote nne. Maana yake Jumapili hakuna aliyesoma, na maji ya kuanzia Jumamosi asubuhi yalikaa kwa kopo hadi Jumatatu. Angalia Jumatatu zako, tarehe 5 ni 12.6, tarehe 12 ni 33.7, tarehe 19 ni 17.5. Hizo tatu peke yake ni 63.8 kati ya 151.6. Mvua haipendi Jumatatu hivyo.

Jumla ya mwezi haijaharibika, maji ni yale yale. Lakini ukisema mvua kubwa kuliko zote ilikuwa 33.7 kwa siku moja, huwezi, hiyo ni ya siku mbili. Na ukihesabu siku za mvua utapata 14, ukweli huenda ni zaidi. Mwezi unaharibika ikiwa tarehe 1 ni Jumapili, kama Agosti 2021, na unarudisha nyuma. Hapo maji ya Jumatatu tarehe 2 nusu ni ya Julai nusu ni ya Agosti, na hakuna mtu atakuambia nusu gani.

#32 Mto_Njoro
Na ile TR? Nikiiandika kwa ekseli inafanya nini?

#33 Nyar_Kano
TR ni manyunyu, hata alama ya kwanza ya glasi haikufika, kwa jumla ni sufuri. Lakini acha ikae TR, usiifute. SUM inaruka maneno bila kelele, na hapo ndipo hatari iko, kwa sababu ukiandika 8,0 na koma badala ya nukta inaweza kuiona kama neno na kuiruka pia, halafu jumla yako inapungua na hakuna kinachowaka nyekundu. Linganisha hizi mbili:

```
=COUNT(D2:D31)
=COUNTA(D2:D31)
```

Ya kwanza inahesabu namba tu, ya pili inahesabu chochote kilichoandikwa. Kwa Aprili yako inafaa kuwa 25 na 26, ile moja ya tofauti ni TR, na Jumapili nne ziko nje. Ukipata 24 na 26, tafuta koma.

#34 Mto_Njoro
25 na 26. Asante dada.

Sasa kwa vile mko hapa, nyuma ya rejista kuna ukurasa wa wastani, 1991 hadi 2020. Machi 71.4, Aprili 148.9, Mei 112.6. Msimu wameandika 318.0. Nimejumlisha hiyo miezi tatu, 332.9. Hii nayo ni ya tarehe?

#35 Chai_Kericho
Hapana, kwa miaka 30 mambo ya tarehe 1 yangesogeza mvua mwezi hadi mwezi lakini msimu usingepoteza 14.9 nzima. Miaka ikiwa ile ile na imejaa, wastani wa msimu lazima uwe sawa na jumla ya wastani wa miezi, nje ya nukta moja ya kukadiria. Isipokuwa hivyo, miaka si ile ile.

#36 Kalamu_Nyekundu
Ndiyo. Na 14.9 ni fungu la kumi la 148.9. Mto_Njoro hesabu Aprili ngapi hazipo kati ya hizo 30. Mimi nabahatisha tatu.

#37 Mto_Njoro
Madam wewe ni mganga. 1994, 2001 na 2008. Ya 1994 mchwa walikula, 2001 ukurasa umetolewa, 2008 mwenye rejista alikuwa amehama.

#38 Kijana_wa_Kibos
Huyu mama tusicheze naye poka.

#39 Kalamu_Nyekundu
Si uganga. Wastani wa Aprili waligawanya kwa 27, hiyo ni sawa. Wastani wa msimu waligawanya kwa 30, na ile miaka mitatu wakaihesabu kama Aprili ilikuwa sufuri. Aprili tatu kati ya thelathini ni moja kwa kumi, ndiyo ukaona fungu la kumi limetoweka. 148.9 mara 27 gawanya kwa 30 ni 134.0, weka Machi na Mei, unapata 318.0 yao.

Na ona inavyobadilisha habari. Msimu wa 2021 wa 331.8 ukiupima kwa 318.0, utaambia mkutano mvua ilizidi wastani. Ukiupima kwa 332.9 ilipungua kidogo sana.

#40 MzeeWaMolo
Kwa hivyo 2021 ilikuwa mvua nzuri ama mbaya? Mimi nakumbuka nilipanda viazi mara mbili.

#41 Chai_Kericho
Ilikuwa ya kawaida mzee, kwa hizo zote mbili. Ila inaweza kuwa nyingi kwa jumla na ikaja vibaya kwa siku.

#42 Data_Mtaani
Nimefika nimechelewa. Mimi ningejaza hizo Aprili tatu. Chukua kituo jirani chenye rejista nzuri, tafuta Aprili zako ni asilimia ngapi ya Aprili zake kwa ile miaka 27, halafu zidisha. Unapata miaka 30 kamili na kila kitu kinajumlika.

#43 Kalamu_Nyekundu
Mimi sijazi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linakubali wastani ukiwa na asilimia 80 ya miaka, yaani 24 kwa 30, yeye ana 27. Aweke wastani wa Machi na Mei kwa 30, Aprili kwa 27, na msimu kwa ile miaka 27 yenye miezi yote mitatu, na aandike pembeni kila moja ni ya miaka mingapi. Hazitajumlika sawasawa na si lazima zijumlike.

#44 Data_Mtaani
Halafu mkutanoni mtu anajumlisha kwa simu anapata tofauti, mwenyekiti anaonekana mwizi. Kwa watu wa kawaida namba lazima zikubaliane. Basi atupe ile miaka mitatu kwa miezi yote, atumie 27 kila mahali.

#45 Kalamu_Nyekundu
Atupe Machi tatu na Mei tatu nzuri zilizopimwa na mtu, kwa sababu ya kuogopa simu?

#46 Data_Mtaani
Ndiyo.

#47 Chai_Kericho
Kabla mpigane, hiyo 1991 hadi 2020 ilijumlishwa kwa tarehe ya kusoma ama kwa kurudisha? Kama ni ya kusoma, Aprili yake ya kulinganishwa na 148.9 ni 151.6 wala si 166.0.

#48 Mto_Njoro
Nimeangalia 2019 na 2020, ni ya kusoma, na mwandiko ni wa yule mzee wa Mauche. 1996 iko kwa inchi kwanza halafu mtu amegeuza kwa penseli. Kuna mahali 1.06 imekuwa 29.6.

#49 Nyar_Kano
1.06 mara 25.4 ni 26.9. Amegeuza tarakimu. Hiyo ya penseli yote itabidi uirudie.

#50 Mto_Njoro
Yote?? Iko kurasa kumi na mbili.

#51 Kijana_wa_Kibos
Lete hapa tugawane. Mimi nipewe Januari.

#52 Nyar_Kano
Umechagua mwezi wa kiangazi, tumekuona.